Rungu la Oloirien

Ukimuuliza mtu wa kawaida rungu ni nini, atakujibu kwamba ni fimbo fupi yenye kichwa kinene. Jibu hilo si la uongo. Lakini mtu akilifuata, akachukua fimbo na kuiachia kichwa kinene, atapata kitu cha kugongea, hatapata kitu cha kurusha. Katika kitivo chetu tulipewa kazi ya kueleza chombo kimoja cha nyumbani kwetu kwa namna ambayo mgeni angeweza kukitambua hata gizani kwa kukishika tu. Mimi nilichagua rungu, kwa sababu nilichonga moja nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na mtu aliyenifundisha hakuniruhusu niruke hatua hata moja.

Mimi ni Mmaasai wa upande wa Monduli, kaskazini mwa Tanzania. Wenzangu hapa waliokulia na ng'ombe katika nyanda za juu za Kivu ya Kusini wanaijua inkoni, fimbo ndefu ya mchungaji, iliyonyooka. Sisi pia tunayo fimbo ya namna hiyo, tunachungia nayo na kuegemea tunaposimama. Rungu, ambalo kwa Kimaasai huitwa orinka, lina kazi nyingine. Fimbo hubaki mkononi, lakini rungu hutoka mkononi likaenda kufanya kazi mahali ambapo wewe hujafika. Kila kitu kinachofanywa wakati wa kulichonga kinatokana na tofauti hiyo.

Mwaka ule mama yangu alikuwa amerudi kwenye boma la kaka yake pamoja nasi watoto, akiwa na kondoo kumi na mmoja. Hao ndio waliokuwa mali yetu yote. Majike sita walizaa baada ya mvua kuanza, na mimi ndiye niliyewachunga mama na wana wao karibu na boma, kwa kuwa wanakondoo wadogo hawawezi kutembea mbali. Katika wiki tatu bweha walichukua wawili. Bweha wa kwetu, yule mwenye mgongo mweusi, hamwogopi mtoto. Hukaa kwenye nyasi umbali wa hatua thelathini akitazama, mwanakondoo akibaki nyuma humdaka shingoni na kukimbia naye. Mama hakunigombeza. Alihesabu tu kwa sauti ndogo jioni, wanne, na tukajua sote maana yake: kondoo wa kuuza ili nipate sare na madaftari walikuwa wanapungua.

Nilikuwa nikirusha mawe. Jiwe linakwenda mbali, lakini njia yake ni nyembamba kama jiwe lenyewe, usipompata bweha hasa linampita. Nilirusha pia fimbo yangu, nayo ilikuwa nyepesi, ikayumba hewani na kuanguka kama kuni. Mjomba wangu aliniona siku moja nikiikimbilia fimbo hiyo kuiokota, huku bweha akiwa amesogea pembeni hatua chache tu na kukaa tena.

Lazima niseme kidogo juu ya neno mjomba. Kwa Kimaasai ndugu wa kiume wa mama huitwa apu, na yeye naye humwita mtoto wa dada yake apu. Neno ni lilelile kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo yeye alikuwa Apu wangu nami nilikuwa Apu wake.

"Apu," aliniambia jioni ile, "hiyo fimbo haina tumbo. Kesho tutakwenda kutafuta mti wenye tumbo."

Nilidhani tungetafuta tawi. Yeye hakutazama tawi hata moja. Tulipanda kuelekea mlimani mpaka kwenye korongo ambalo maji ya mvua yalikuwa yamekula kingo zake, akaanza kutembea chini kabisa, akitazama mizizi iliyoachwa wazi. Mti aliokuwa anautafuta ni mzeituni wa porini, sisi tunauita oloirien. Ni mti mzito, wenye nyuzi zilizobanana, na ndio huohuo ambao akina mama huchoma vijiti vyake ili kuvukizia vibuyu vya maziwa. Aliupata mche uliobomokewa na ukingo. Ulikuwa umelala, mizizi nusu iko nje, lakini majani yalikuwa bado mabichi. Shina lake lilitosha kushikwa na vidole vyangu vyote vikakutana na gumba. Pale shina lilipoingia ardhini palikuwa na uvimbe mkubwa kuliko ngumi ya Apu.

"Kichwa cha rungu ni hapa," alisema akiugonga uvimbe ule kwa ubapa wa panga. "Mpini ni hilo shina. Tutaligeuza, mzizi juu."

Nilimuuliza kwa nini tusikate gogo nene na kulichonga mpini kutoka ndani yake. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kipande cha kuni iliyokatwa kutoka gogo nene, akakipasua kwa panga, nacho kikapasuka moja kwa moja kufuata nyuzi, kama mtu anayechana kitambaa. Halafu akajaribu kuupasua uvimbe wa mzizi mwingine uliokufa pale korongoni. Panga lilinasa. Alilipiga kwa jiwe mara nne, likatoka na kipande kidogo tu. Pale mizizi inapokutana na shina nyuzi zinasukana, nyingine zinakwenda kushoto, nyingine zinazunguka. Rungu linapogonga jiwe baada ya kumkosa mnyama, kichwa cha namna hiyo kinabonyea lakini hakipasuki. Na kwa kuwa shina lenyewe ndilo mpini, nyuzi zinatoka kichwani na kwenda mpaka mkiani bila kukatwa popote. Rungu lililochongwa kutoka gogo nene huvunjika shingoni, maana hapo ndipo nyuzi zilipokatwa na kisu.

Tulikata mizizi karibu na uvimbe, tukakata shina kwa urefu uliozidi mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Apu alikipaka mafuta ya mkia wa kondoo kile kidonda cha upande wa mizizi na cha mwisho wa shina palepale, kabla hatujaondoka. Maji ya mti hutoka haraka zaidi kwenye sehemu zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni. Sehemu hizo zikikauka huku ndani pakiwa pabichi, husinyaa na kupasuka. Mafuta huziba.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchonga umbo la jumla wakati mti ungali mbichi, maana oloirien ukikauka unalifanya tezo liruke. Apu alichonga upande mmoja wa kichwa kwa tezo, akaniachia mimi upande wa pili. Tulikiacha kichwa kikiwa kikubwa kuliko kilivyotakiwa, na mpini ukiwa mnene kuliko ulivyotakiwa. Mwishoni mwa mpini aliniambia nibakishe unene kidogo, kama fundo la kidole, ili mkono usiteleze. Siku hiyo hatukumaliza, wala hakutaka tumalize.

Jioni aliketi nje ya nyumba, akanyoosha kidole cha shahada, akaliweka rungu juu yake, mlalo. Liliangukia upande wa kichwa. Akalisogeza, likaangukia upande wa mkia. Akalisogeza tena kidogo sana mpaka likatulia, kichwa upande mmoja na mpini mrefu upande wa pili, kama ndege aliyetua. Alichukua mkaa akachora mstari pale kidole kilipokuwa. Kisha akapima kwa vidole vyake kutoka juu ya kichwa hadi kwenye mstari: vidole saba. Urefu wa rungu zima ulikuwa vidole ishirini na vitatu vyake. Nimekuja kupima baadaye kwa rula, nikapata kwamba rungu ni sentimita 46 na mstari uko sentimita 14 kutoka juu ya kichwa, yaani chini kidogo ya theluthi moja.

"Hili ni tumbo lake," alisema. Neno alilotumia ni enkoshoke, tumbo lilelile la mtu na la ng'ombe. "Likikaa katikati, umechonga fimbo. Likikaa kichwani kabisa, umefunga jiwe kwenye kamba."

Ili nielewe, aliniletea marungu mawili ya zamani. La kwanza lilikuwa na mpini mnene, tumbo lake lilikuwa karibu na katikati. Niliporusha lilizunguka polepole, likatua kwa ubavu, na mara nyingi mpini ndio uliofika kwanza. La pili lilikuwa la binamu yangu mmoja, ambaye alikuwa ameukwangua mpini ukawa mwembamba kama kidole, akijivunia kichwa kizito. Hilo lilikuwa gumu zaidi. Unapolizungusha mkono, kichwa kinabaki nyuma, kinavuta kifundo cha mkono, na unaliachia kwa kuchelewa. Likaenda kuchimba ardhi hatua chache mbele yangu. Binamu hakuwa na la kufanya, kwa sababu mpini ukishapunguzwa haurudi. Angeweza tu kupunguza kichwa mpaka kiwe saizi ya limau, na hapo rungu lote lingekuwa jepesi mno.

Kutoka kwenye marungu hayo mawili nilijifunza kanuni ambayo Apu aliirudia mpaka nikaichoka: punguza mpini kwanza, kidogo kidogo, na baada ya kila kupunguza uliweke kidoleni. Kichwa kiguse mwisho. Kila unachokitoa kwenye mpini kinalisukuma tumbo kuelekea kichwani, na kila unachokitoa kichwani kinalirudisha kuelekea mkiani. Una njia mbili za kurekebisha, lakini zote mbili ni za kupunguza.

Baada ya hapo lilikuja jambo ambalo sijawahi kulikuta katika maelezo ya mtu yeyote juu ya rungu. Tulilifukia rungu katika samadi ya zizi kwa siku tisa, mahali penye joto na unyevu, ili likauke pole pole. Tulipolitoa, Apu alikifunga kichwa kwa kipande cha ngozi ya ng'ombe, akalitundika chini ya paa katika nyumba ya mama, juu ya meko lakini pembeni, pale moshi unapofika na moto haufiki. Kila baada ya siku saba alilishusha, akanipa niliweke kidoleni mwenyewe na kuweka mstari mpya wa mkaa.

Wiki ya kwanza mstari ulikuwa umesogea kuelekea kichwani kwa nusu ya upana wa kidole. Wiki ya tatu ulikuwa umesogea kidole kizima. Badala ya vidole saba, tumbo lilikuwa kwenye vidole sita. Hakuna mtu aliyeligusa kwa kisu. Nililirusha mara moja nje ya boma nikahisi ule uzito wa rungu la binamu, kichwa kikivuta. Nikaomba kisu ili nipunguze kichwa kidogo tu.

Apu alikataa. Aliniuliza, "Nguo iliyofuliwa hukauka wapi kwanza, kwenye pindo nene au kwenye kitambaa chembamba?"

Nikajibu, kwenye kitambaa chembamba.

"Na mpini ni upi?"

Hapo nikaelewa. Mpini ni mwembamba, kwa hiyo maji yake yalikuwa yameshatoka na ulikuwa mwepesi. Kichwa ni kinene, na zaidi ya hayo kilikuwa kimefungwa ngozi, kwa hiyo kilikuwa bado kinayo maji yake. Rungu lilikuwa limekauka upande mmoja, na tumbo likaenda upande wenye maji. Kichwa nacho kingekauka, tumbo lingerudi. Mtu anayekata katika wiki hizo za katikati anakata maji, na maji yakishaondoka anabaki na kichwa kidogo ambacho hawezi kukiongeza. Apu alisema kwamba marungu mengi mabaya yaliyomo mikononi mwa watu hayakuharibiwa na mkono mbaya, yaliharibiwa na wiki ya tatu.

Tuliendelea kusubiri. Wiki ya tano mstari ulisimama. Wiki ya saba ulianza kurudi. Wakati huo mvua zilikuwa zimekwisha, nyasi zimegeuka rangi, na bweha walichukua mwanakondoo wa tatu. Nililia siku hiyo, nikataka rungu lishushwe lilivyo. Mama aliniunga mkono. Alimwambia kaka yake kwamba rungu linalotundikwa halilindi kondoo. Apu hakubishana naye. Alianza kuja kuchunga pamoja nami asubuhi na jioni, saa ambazo bweha hutembea zaidi, akiacha kazi zake nyingine. Hakulishusha rungu.

Katikati ya mwezi wa saba, miezi mitatu kasoro tangu tulipolikata, mstari ulikuwa umekaa mahali pamoja kwa wiki mbili, vidole saba kasoro unene wa ukucha. Apu aliligonga kwa kiungo cha kidole akalisikiliza. Mti mbichi hutoa sauti nzito inayokufa papo hapo, mkavu hulia kwa ukali. Akalizungusha juani akitafuta nyufa. Palikuwa na ufa mmoja mdogo upande ule wa mizizi, wenye urefu wa punje ya mchele, haukufika ndani. Akasema sasa naweza kuchukua kisu.

Siku mbili nilikwangua mpini kwa kisu, kisha kwa kipande cha chupa iliyovunjika, nikivuta kuelekea kwangu ili nyuzi zisinyanyuke. Kila mizunguko michache, kidoleni. Kichwa nilikipunguza mwisho, zaidi kwa kukifanya kiwe mviringo kuliko kwa kukifanya kiwe kidogo, mpaka kikawa saizi ya chungwa dogo la kienyeji. Kisha nikakisugua kwa majani makavu ya msasa. Wanafunzi wa lugha watapenda kujua kwamba msasa ni mti kwanza, wenye majani yanayokwaruza. Karatasi ya dukani ilirithi jina la mti. Mwishowe nikalipaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikalisugua kwa kiganja mpaka likawa la kahawia iliyoiva.

Kurusha tulianza hatua kumi na mbili kutoka kwenye kichuguu. Kabla sijarusha Apu alichovya kidole kwenye majivu yaliyochanganywa na maziwa, akazungushia pete nyeupe palepale penye tumbo. Akaniambia nisimame pembeni, yeye atarusha, na mimi nitazame ile pete tu, nisitazame kitu kingine.

Nilitazama. Kichwa na mkia vilikuwa vinazunguka kwa kasi hata havionekani vizuri, lakini pete nyeupe haikuzunguka wala kuyumba. Ilikwenda njia moja laini, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, kama jiwe dogo lililorushwa na mtu mwingine. Ndipo nilipoona kwa macho kwamba mrushaji hulenga kwa tumbo. Kichwa na mkia vinalizunguka tumbo njiani. Anayelenga kwa kichwa analenga kwa kitu kisichotulia.

Kisha aliniacha nirushe mwenyewe, nikishika mwisho wa mpini, fundo likiwa kwenye ukingo wa kiganja. Kutoka hatua kumi na mbili rungu lilifika kichuguuni kichwa kikiwa mbele na likatoboa udongo. Kutoka hatua kumi na tano, kwa mkono uleule, lilifika mkia ukiwa mbele, likadunda. Apu alinionyesha kwamba tofauti iko kwenye mzunguko: katika hatua tatu za ziada rungu lilikuwa limegeuka karibu nusu. Mtu hawezi kumwomba mnyama asogee hatua tatu. Anaweza kusogea yeye mwenyewe hatua moja mbele anaporusha, na kupandisha mkono upana wa kidole kimoja kwenye mpini ili lizunguke tofauti. Hili halifundishwi kwa hesabu. Nilirusha kila jioni kwa wiki mbili mpaka mkono ukajua.

Lakini kwa bweha alinifundisha namna nyingine kabisa. Rungu linalorushwa kutoka juu ya bega huzunguka likiwa wima, na njia yake ni nyembamba kama ya jiwe. Linalorushwa kutoka ubavuni, mkono ukipita chini karibu na goti, huzunguka likiwa mlalo, na hufagia nyasi kwa upana wa urefu wake. Kwa mnyama mfupi anayekimbia kwa kukata kona, namna hii ndiyo inayofaa. Kichwa kikimkosa, mkia unaweza kumpata. Hasara yake ni kwamba halifiki mbali, kwa mtoto ni hatua ishirini hivi, na kwamba hulirushi kamwe kama mbele yako, upande wowote, pana kondoo au mtu. Ng'ombe na kondoo wako hawarushiwi rungu hata siku moja. Ukitaka kuwageuza unarusha fimbo iangukie chini mbele yao.

Bweha alirudi mwishoni mwa mwezi wa nane, jua likiwa linashuka. Nilimwona masikio kwanza. Walikuwa wamebaki wanakondoo watatu, na mmoja wao alikuwa amesimama nyuma ya wenzake akinusa kitu. Bweha alitoka chini chini, akamshika paja badala ya shingo, kwa sababu mwanakondoo aligeuka. Nilisogea pembeni ili kondoo wengine wasiwe kwenye njia, hatua nne au tano ambazo ziliniuma kuzitembea, kisha nikarusha kutoka ubavuni. Kichwa kilimkosa. Nilikiona kikipita mbele ya pua yake. Mkia ulikuja nyuma yake ukampiga mguu wa nyuma, sauti ikasikika. Alilia, akaachia, akaenda zake kwa miguu mitatu mpaka kwenye nyasi ndefu. Mwanakondoo alichechemea kwa mwezi mzima, lakini aliishi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba rungu linamaliza bweha. Yule hakufa, na siku chache baadaye walionekana wengine. Kwa fisi rungu la mtoto halifai kitu, na kwa chui ni afadhali kupiga kelele na kukusanya watu. Ninachokijua ni kwamba bweha walianza kukaa mbali zaidi, hatua sitini au sabini, na kutoka umbali huo mwanakondoo ana muda wa kumkimbilia mama yake. Wale watatu walikua. Mwezi wa kumi na mbili mama aliuza mmoja, na mwezi wa kwanza nikavaa sare.

Jioni ile niliporudi Apu hakuuliza habari za bweha kwanza. Aliomba rungu, akautazama ule ufa wa punje ya mchele, akapitisha ukucha juu yake kuona kama umeongezeka. Haukuongezeka. Ndipo akasema nimsimulie.

Nilipoanza masomo ya sekondari nilikuta katika fizikia mahali pale pa kutulia panaitwa kitovu cha uzito. Nilicheka peke yangu darasani. Apu, ambaye hakusoma, aliliita tumbo, na waandishi wa kitabu wakaliita kitovu. Wote walikwenda mahali pamoja kwenye mwili kutafuta neno.

Rungu sasa liko kwa mtoto wa dada yangu, ambaye ana miaka tisa na ananiita Apu nami namwita Apu. Likizo iliyopita alinilalamikia kwamba ni refu kwake, linamgonga pajani akirusha kutoka ubavuni, na akaniomba nimkatie vidole viwili mkiani. Nililiweka kwenye kidole chake, likatulia palepale penye pete ya zamani, nikafunika kwa kiganja ile sehemu aliyotaka ikatwe.

"Ukiiondoa hii," nilimuuliza, "tumbo litakwenda wapi?"

Alifikiri, akaonyesha kichwani. Nikamwambia basi hilo ni la mkono wangu, sio la mkono wake. Asubuhi tulikwenda korongoni kutazama mizizi.